Kitone cha Wino Kikishatua

Mwaka 1977, katika maabara ya kampuni ya Canon nchini Japani, chuma cha moto cha kulehemu kiligusa kwa bahati mbaya sindano ya bomba lililojaa wino. Papo hapo wino ukachupa kutoka kwenye ncha ya sindano. Mtafiti Ichiro Endo na wenzake wakaona njia ya kuchapa: ukiupasha wino joto la ghafla ndani ya mrija mwembamba, utajisukuma wenyewe nje. Nchini Marekani, wahandisi wa Hewlett-Packard walifikia wazo hilohilo kwa njia yao, na mwaka 1984 wakatoa sokoni printa ya ThinkJet, ambayo kichwa chake kilikuwa na matundu 12 tu ya kutolea wino.

Printa za leo zina mamia ya matundu hayo, wakati mwingine maelfu, lakini kanuni ni ileile. Nyuma ya kila tundu kuna chumba kidogo cha wino chenye kipande cha kupasha moto. Umeme ukipita, kipande hicho hufikia nyuzi joto zipatazo 300 ndani ya sehemu chache za milioni moja za sekunde. Utando mwembamba wa wino unaokigusa hugeuka mvuke, povu likavimba na kusukuma tone nje. Povu likisinyaa, chumba huvuta wino mwingine na kazi inaanza upya, maelfu ya mara kwa sekunde. Epson wao hawatumii moto. Katika printa zao, zikiwamo zile za matangi zilizoenea katika maduka ya steshenari, kipande cha kristali hujipinda kinapopitishiwa umeme na kuukamua wino utoke.

Tone lenyewe ni dogo kiasi gani? Hupimwa kwa pikolita, na pikolita moja ni sehemu moja ya trilioni ya lita. Tone la pikolita nne, ambalo ni la kawaida, lina kipenyo cha mikromita 20 hivi. Unywele wa binadamu una takriban 70.

Kulitoa tone ni nusu tu ya kazi. Lazima litue mahali pake, na hapo ndipo penye hesabu. Kichwa cha printa hakisimami kikitema wino. Kinakwenda na kurudi juu ya karatasi, na tone linalotoka hubeba mwendo huo, kama kifurushi ambacho utingo amekirusha basi likiwa bado linakwenda. Tuseme kichwa kinakwenda nusu mita kwa sekunde, tone linashuka mita nane kwa sekunde, na kati ya tundu na karatasi kuna milimita 1.6. Tone litakuwa hewani kwa sehemu moja ya elfu tano ya sekunde. Katika muda huo mfupi litakuwa limesogea pembeni milimita 0.1. Katika uchapaji wa nukta 600 kwa inchi, nukta moja iko umbali wa milimita 0.04 kutoka kwa jirani yake, kwa hiyo tone limepitiliza kwa zaidi ya nukta mbili.

Printa huliepuka kosa hilo kwa kutema wino mapema, kabla kichwa hakijafika juu ya shabaha. Ili ijue kichwa kiko wapi, hutazama utepe mwembamba wa plastiki uliotandazwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, wenye mistari midogo iliyosongamana. Jicho la mwanga lililo nyuma ya kichwa huihesabu mistari hiyo kinapopita. Utepe ukipakaa wino au grisi, hesabu hupotea, na kichwa huweza hata kujigonga ukutani mwa mashine.

Tatizo hukua printa inapochapa ikienda na pia ikirudi, kwa sababu makosa ya pande mbili huachana kuelekea pande tofauti. Mstari wa wima wa jedwali, ambao ulipaswa kunyooka, huonekana umekatikakatika na kupishana. Kadi nene nayo huweza kuleta hali hiyo, kwani uso wake umesogea karibu na matundu na tone linawahi kutua. Dawa yake ni kuchapa ukurasa wa kulinganisha kichwa, ambao umo katika menyu ya karibu kila printa. Mistari myeupe inayokatiza picha ni ugonjwa mwingine: hapo tundu limeziba, na kinachohitajika ni kusafisha.

Lakini kuna madoa ambayo hayatibiwi kwa kulinganisha wala kusafisha. Herufi zinaota ndevu, weusi umepauka, rangi zimepenya hadi nyuma ya karatasi. Hapo tone limetua panapostahili, ila limeharibikiwa baada ya kutua, na sababu hutafutwa katika aina ya wino.

Wino wa printa kwa sehemu kubwa ni maji. Katika aina ya kwanza, rangi imeyeyuka ndani ya maji hayo, molekuli kwa molekuli. Katika aina ya pili, wino wa pigmenti, rangi haikuyeyuka. Ni chembe ngumu, nyingi zikiwa na upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya mikromita, zinazoelea katika maji kwa msaada wa kemikali zinazozuia zisigandamane.

Karatasi ya kawaida ni msokotano wa nyuzi za mimea, na nyuzi hizo hunyonya maji. Rangi iliyoyeyuka huyafuata maji kokote yaendako: pembeni kando ya nyuzi, hivyo kingo za herufi zikachakaa, na chini ndani ya karatasi, hivyo weusi ukafifia. Pigmenti huachwa juu. Maji yanazama, chembe zinanaswa usoni, na herufi inabaki nyeusi yenye kingo kali. Ndiyo maana printa nyingi za ofisini huweka pigmenti katika wino mweusi wa maandishi, huku rangi nyingine zikiwa za kuyeyuka.

Ni rahisi kulithibitisha. Dondosha tone la maji juu ya maandishi yaliyokauka vizuri, subiri kidogo, kisha gandamiza kwa tishu. Wino wa kuyeyuka utatiririka na kuipaka tishu rangi. Pigmenti haitoki, au itatoka kidogo sana. Jua nalo hutofautisha. Molekuli zilizotawanyika hupigwa na mwanga moja moja na rangi huchuja upesi, ilhali katika chembe ya pigmenti zile za nje huzikinga za ndani.

Hata hivyo pigmenti haishindi kila mahali. Karatasi ya picha yenye kung'aa imepakwa tabaka la kunyonya wino. Rangi iliyoyeyuka huingia humo na uso ukabaki laini, wenye rangi kolevu. Chembe za pigmenti hukaa juu, zikavunja mng'ao, na kwenye karatasi za bei nafuu zilizotengenezwa kwa wino wa kuyeyuka hufutika hata kwa kidole. Tena pigmenti ikikaukia tunduni ni ngumu kuiondoa.

Kwa hiyo cheti, mkataba au barua ya kuhifadhiwa ichapwe kwa pigmenti kwenye karatasi ya kawaida. Picha za albamu zinafaa wino wa kuyeyuka kwenye karatasi ya kung'aa. Na kabla ya kujaza tangi, soma lebo ya chupa uone ni wino wa aina gani. Usimimine aina moja juu ya nyingine, kwani chembe zinaweza kugandamana, na kichwa kilichoziba kwa namna hiyo mara nyingi hakisafishiki tena.