Maziwa yanayoishia mferejini

Lita moja ya maziwa ikimwagika mtoni, vijidudu vya majini huanza kuila mara moja, na kwa kazi hiyo hutumia takribani gramu 100 za oksijeni. Samaki nao wanaitegemea oksijeni hiyo hiyo. Ndiyo maana kiwanda cha maziwa, ambacho hakitoi moshi mweusi wala harufu ya kemikali, kinaweza kuua kijito kizima bila mwenyewe kujua.

Tuchukue kiwanda kidogo cha mfano, cha aina inayopatikana katika miji mingi ya Tanzania. Kila siku kinapokea lita 2,000 za maziwa, kinatengeneza mtindi na jibini kidogo, na maji ya kuoshea yanatoka kwa mfereji hadi kwenye korongo la nyuma. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka maji machafu yanayoachiwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita katika kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu hutumia kwa siku tano kuula uchafu uliomo. Mwenye kiwanda hana injinia wa mazingira wala fedha za kujenga mtambo mkubwa wa kusafisha maji. Aanzie wapi?

Wenye viwanda wengi duniani huanzia kwenye mzunguko wa hatua nne: panga, tekeleza, kagua, rekebisha. Ulitokana na kazi ya Mmarekani Walter Shewhart kuhusu ubora wa bidhaa, ukaenezwa na mwenzake William Deming. Leo ndio uti wa mgongo wa ISO 14001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1996. Kiwango hicho hakikuambii utoe uchafu kiasi gani. Kiasi kinawekwa na sheria za nchi. Kinachokudai ni utaratibu wa kuijua hali yako na kuiboresha, na utaratibu huo unaweza kuufuata hata kama hufikirii kabisa kutafuta cheti.

Kupanga ni kutembea kabla ya kuandika. Mwenye kiwanda na msimamizi wake wanayafuata maziwa kutoka yanaposhushwa hadi yanapofungashwa, na kila mahali wanaandika kinachoingia na kinachotoka: maji, kuni za bwela, soda kali ya kuoshea, vifungashio, maji ya jibini. Orodha itakuwa ndefu, na hapo wengi hukosea kwa kutaka kutatua yote kwa pamoja. Kiwanda chetu kinachagua maji, kwa sababu mita inaonyesha lita 8,000 kwa siku, yaani lita nne za maji kwa kila lita ya maziwa. Lengo linaandikwa kwa namba: kufikia lita mbili na nusu ndani ya miezi sita. Linaandikwa pia jina la mtu mmoja atakayelisimamia, maana lengo la wote huishia kuwa halina mwenyewe.

Utekelezaji wenyewe ni wa gharama ndogo. Mpira wa maji uliokuwa ukiachwa wazi sakafuni unafungwa koki mwishoni, ili maji yatoke pale tu mtu anapoibana. Sakafu inakokotwa kwanza kwa mpini wenye ubapa wa mpira, ndipo inamwagiwa maji. Wafanyakazi wanaonyeshwa kwa vitendo, na maelekezo yanabandikwa ukutani pale pale pa kuoshea.

Mwezi wa tatu mita inasoma lita 5,000. Lengo limefikiwa mapema, na kiwanda kingeweza kuishia hapo. Lakini siku chache baadaye yanakuja majibu ya maabara: BOD, iliyokuwa miligramu 500 kwa lita, imepanda hadi 800.

Hapa ndipo hatua ya kukagua inapoonyesha thamani yake. Maji yamepungua, ila maziwa yanayomwagika hayajapungua. Kiwanda kilikuwa kinapoteza asilimia 2 ya maziwa, yaani lita 40 kwa siku, na hizo ni kilo nne za uchafu wa BOD hata tukiacha sabuni na mengineyo. Kilo nne ndani ya lita 8,000 ni miligramu 500 kwa lita. Ndani ya lita 5,000 ni miligramu 800. Korongo linapokea uchafu ule ule, katika maji machache zaidi. Anayesoma kipimo cha maabara peke yake ataona kiwanda kimeharibu, na anayesoma mita peke yake ataona kimefaulu. Ukweli unapatikana ukizidisha kipimo cha maabara kwa wingi wa maji, ukapata kilo za uchafu kwa siku. Kwa maoni yangu, hesabu hiyo moja ina faida kuliko faili zima la sera zilizochapwa vizuri.

Ukaguzi una adui mwingine, naye ni daftari safi mno. Ukikuta mita imeandikwa 5,000 kila siku, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiotetereka, ujue iliandikwa mwisho wa mwezi. Namba za kweli hupanda na kushuka.

Katika kurekebisha, swali ni kwa nini lita 40 zinapotea. Simama karibu na tangi la mtindi linapokwisha kumiminwa. Kwa macho ni tupu, lakini kuta zake zimeshika utando mzito, na valvu ya chini inaendelea kudondosha. Mwoshaji hangojei, anaelekeza mpira, na utando wote unaingia mferejini. Ukimwuliza atakujibu kwamba kazi ya kuosha lazima iishe kabla gari la wafanyakazi halijaondoka. Kumkaripia hakutabadilisha chochote, kwa sababu chanzo ni ratiba. Kiwanda kinasogeza zamu ya kuosha mbele kwa nusu saa, kinaweka ndoo chini ya valvu, kinakwangua kuta kwa mwiko wa plastiki, na suuza ya kwanza, kabla ya soda kali kuguswa, inakusanywa kwa ajili ya mfugaji wa nguruwe. Maji ya jibini nayo yanakwenda huko huko.

Mzunguko unaanza upya, safari hii lengo likiwa ni lita za maziwa zinazopotea. Zikishuka kutoka 40 hadi 15, uchafu unakuwa kilo moja na nusu kwa siku, na lita 25 zilizookolewa zinauzwa.

Hata hivyo, kilo moja na nusu ndani ya lita 5,000 bado ni miligramu 300 kwa lita, mara kumi ya kinachoruhusiwa. Kuosha kwa uangalifu hakutakifikisha kiwanda hiki kwenye sheria. Itabidi kichimbe mtego wa mafuta na mabwawa ya kusafishia maji. Ila mabwawa ya kilo moja na nusu ni madogo kuliko ya kilo nne, kwa eneo na kwa gharama. Aliyeyajenga kabla ya kupima alilipia ukubwa asiouhitaji.

Kama una kiwanda na hujui pa kuanzia, usisubiri mshauri. Soma mita ya maji jioni mkishafunga, uisome tena asubuhi kabla koki yoyote haijafunguliwa. Namba ikiwa imesogea, kuna bomba au tangi linalovuja, na umeshapata mstari wa kwanza wa mpango wako.