Bima ya mshauri: Tazama tarehe kabla ya bei

MSHAURI mmoja wa kilimo mkoani Njombe alinijia akiwa na karatasi mbili. Bima yake ya dhima ya kitaaluma, inayomkinga mteja akimdai fidia kwa ushauri mbaya, ilikuwa inaisha Juni 30. Kampuni nyingine ilimwahidi kinga ya kiwango kile kile kwa ada ndogo.

"Kwa nini nisihame?" aliniuliza.

Nilimwomba atafute tarehe moja katika kila karatasi.

Bima za dhima ziko za aina mbili. Ya kwanza hufuata siku ya tukio. Mgeni akiumia shambani kwako mwaka huu, hati ya mwaka huu ndiyo italipa, hata akidai baada ya hati kwisha muda wake. Ya pili hufuata siku ya dai. Hulipa hati iliyo hai siku mteja anapodai, mradi kosa halikufanyika kabla ya tarehe ya mwanzo iliyoandikwa humo. Bima za washauri kwa kawaida ni za aina hii, kwani kosa la ushauri huchelewa kuonekana.

Tuchukue parachichi. Tuseme mwaka 2023 alimwelekeza mkulima apande miche mahali maji yanapotuama. Mizizi huoza polepole, na mkulima anadai fidia Februari mwakani. Hati yake ya sasa ina tarehe ya mwanzo ya Julai 1, 2021. Akiendelea kuihuisha, dai hilo limo ndani.

Lakini karatasi ya kampuni mpya ilitaja Julai 1 ya mwaka huu. Akihama, kampuni ya zamani itasema dai limekuja hati ikiwa imeisha. Mpya itasema kosa ni la kabla ya tarehe yake. Atalipa mwenyewe, ingawa hakukosa bima hata siku moja. Ada ile ilikuwa ndogo kwa sababu kazi zake zote za nyuma ziliachwa nje.

Nilimshauri aitake kampuni mpya iandike Julai 1, 2021 ndani ya hati yenyewe. Ahadi ya wakala ya mdomo haitoshi. Ikikataa, abaki alipo, au kabla ya kuondoka anunue kwa kampuni ya zamani muda wa ziada wa kupeleka madai. Muda huo humfaa pia mshauri anayestaafu.

Kisha nikamwuliza kama kuna mteja aliyekwisha kulalamika. Alinyamaza kidogo, akasema mkulima mmoja alimpigia simu Aprili kuhusu miche inayonyauka.

Hapo hakuna kusubiri. Lalamiko unalolijua hupelekwa kwa maandishi kwa kampuni ya sasa kabla hati haijaisha, ili dai likija baadaye lihesabiwe humo. Ukilificha unapojaza fomu ya kampuni mpya, nayo itakuwa na sababu ya kukataa kulipa.

Barua yake ilipokelewa na kugongwa muhuri Juni 24.