Asilimia Kumi na Mbili ya Nini?

Kuanzia Februari hadi Aprili, kumbi za kaunti, mabwalo ya shule na viwanja vya makanisa nchini Kenya hujaa wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, Sacco kama tulivyozoea kuziita. Sheria ya ushirika inataka mkutano mkuu ufanyike ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa hesabu kufungwa, na wengi hufunga Desemba 31. Mwenyekiti akishamaliza salamu, mweka hazina hupanda jukwaani na kijitabu chake. Hapo minong'ono huanza: "Mwaka huu ni ngapi?" Ukumbi hautaki mapato wala matumizi. Unataka asilimia.

Mweka hazina mwerevu anajua hivyo, na ndipo hatari ilipo. Asilimia ya gawio huja mwisho kabisa katika hesabu. Hupatikana baada ya kila kitu kingine kuamuliwa, na ni rahisi kuipandisha kwa kugusa mstari mmoja tu ulio juu yake. Tuchukue chama cha kubuni cha walimu, chenye hesabu nyepesi, tuone hotuba nzuri inavyopaswa kwenda.

"Wanachama wenzangu," anaanza, "hesabu ninazowasomea zimekaguliwa, na maoni ya mkaguzi yako ukurasa wa tano." Hapo ameanza pazuri. Mkaguzi wa nje hatoi cheti cha kwamba chama kinastawi. Anasema kama hesabu zinaonyesha hali halisi kwa kiwango kinachoridhisha. Akiandika kwamba zinaonyesha hivyo "isipokuwa" kwa jambo fulani, basi sentensi inayofuata neno hilo ndiyo ya kusoma mara mbili. Kwa Sacco zilizo chini ya SASRA, mamlaka inayozisimamia, hesabu hizo hupelekwa huko kabla ya kufika mbele ya wanachama.

Sasa mapato. Chama chetu kina akiba za wanachama za shilingi milioni 400 na mtaji wa hisa wa milioni 40. Riba ya mikopo imeleta milioni 50. Ada na fedha zilizowekezwa nje zimeleta milioni 6. Jumla ni milioni 56.

Kisha matumizi. Mishahara, ofisi, mitambo, mikutano na posho za halmashauri vimekula milioni 14. Milioni 28 ni riba ya akiba za wanachama wenyewe, yaani asilimia 7 ya milioni 400. Milioni 5 zimetengwa kwa ajili ya mikopo ambayo huenda isilipwe. Zinabaki milioni 9. Kodi inachukua milioni 1, na chama kinabaki na ziada ya milioni 8.

Ziada hiyo haigawanywi yote. Kanuni za Sacco zinazopokea amana zinataka asilimia 20 iende kwenye akiba ya kisheria, na kwa chama hiki ni milioni 1.6. Zinasalia milioni 6.4. Halmashauri inapendekeza gawio la asilimia 12 kwa hisa, yaani milioni 4.8, na milioni 1.6 zinabaki chamani kama mtaji wake.

Ukumbi unasikia "kumi na mbili" na kupiga makofi. Lakini ni kumi na mbili ya nini? Mwanachama mwenye hisa za shilingi 20,000 na akiba ya shilingi 300,000 atapata gawio la 2,400 tu, na kodi ya zuio ya asilimia 5 itapunguza 120. Pesa zake za maana zinatoka kwenye ile asilimia 7 iliyopita kimyakimya kati ya matumizi: shilingi 21,000 kabla ya kodi. Sacco inaweza kutangaza gawio la kutikisa ukumbi huku ikipunguza riba ya akiba kwa nusu asilimia, na mwanachama akatoka ameshangilia hasara yake. Kwa chama hiki, nusu asilimia ya akiba ni milioni 2. Kiasi hicho kikihamishiwa kwenye hisa, baada ya akiba ya kisheria kukatwa, na tukiiacha kodi kando, kinaongeza gawio kwa pointi 4.

Kuna jambo jingine linalozua ugomvi kila mwaka. Vyama vingi huhesabu riba ya akiba kwa kufuata mwezi. Shilingi iliyowekwa Januari imefanya kazi mwaka mzima, ya Novemba imefanya kazi kidogo. Anayerundika akiba mwishoni mwa mwaka akitarajia asilimia 7 kamili hudhani ameibiwa, kumbe ni hesabu. Mweka hazina akilitaja mapema, robo ya malalamiko ya siku ile huisha.

Turudi kwenye zile milioni 5 za mikopo mibovu, kwa sababu hapo ndipo ukweli wa hotuba unapopimwa. Kanuni zinaeleza kiasi cha kutenga kwa umri wa deni. Mkopo uliochelewa hadi siku 30 hutengewa asilimia 5. Ukivuka hapo hadi siku 180 ni asilimia 25. Hadi siku 360 ni asilimia 50, na ukizidi hapo ni wote. Mwenye deni la shilingi 500,000 aliyekwama miezi saba, chama lazima kitenge 250,000, hata kama yeye anaapa atalipa.

Halmashauri inayotaka kupendwa hufanyaje? Humwongezea mdaiwa muda, au humpa mkopo mpya wa kulipa ule wa zamani, na deni linaonekana changa tena. Tuseme tengo letu la milioni 5 linashushwa hivyo hadi milioni 1. Ziada inaongezeka kwa milioni 4. Ukitoa asilimia 20 ya akiba ya kisheria, na tukiiacha tena kodi kando, zinabaki milioni 3.2 za kugawana, na gawio linaruka kutoka asilimia 12 hadi 20. Hakuna shilingi mpya iliyoingia. Riba ya mikopo hiyo huenda nayo imeandikwa kwenye mapato ilhali haijalipwa. Dalili huonekana kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha: ziada inapanda lakini fedha taslimu zinapungua, au chama kinakopa benki mwezi uleule wa kulipa gawio.

Wala hatari haiko kwa wakopaji peke yao. Mapema 2025 ukaguzi maalumu wa PwC kuhusu KUSCCO, muungano wa Sacco za Kenya, ulionyesha pengo la takriban shilingi bilioni 13.3. Sacco zilizokuwa zimeweka fedha za wanachama huko zililazimika kutenga fedha za kufidia hasara hiyo, na ziada zao zikapungua. Kwa hiyo mstari wa "mapato mengine", ule wa milioni 6 katika mfano wetu, unastahili swali lake: fedha hizo ziko wapi hasa, na mara ya mwisho riba yake iliingia benki lini?

Nionavyo mimi, gawio likikaa asilimia 12 miaka mitano mfululizo na tengo likielezwa waziwazi, chama hicho ni salama kuliko kinachoruka hadi 20 bila maelezo. Asilimia inayopendekezwa haiwi gawio hadi mkutano uipitishe, na kura ni yako. Kabla hujanyoosha mkono, fungua kijitabu, tafuta tengo la mikopo la mwaka huu na la mwaka jana, kisha msimamishe mweka hazina umuulize ni mikopo mingapi iliyopangwa upya.