Mapigo kati ya vidhibiti viwili: pampu ya ziwani na tangi la mlimani

Vidhibiti viwili vya mitambo hubadilishana taarifa kama wenza pale ambapo hakuna kilicho mkubwa wa mwenzake. Kila kimoja kina programu yake, vihisi vyake na mashine zake, na kingeweza kufanya kazi peke yake, isipokuwa kinahitaji habari moja au mbili ambazo mwenzake pekee ndiye anazo. Hakuna kompyuta kuu katikati inayopokea na kugawa. Muundo huu ni rahisi na wa gharama ndogo, lakini una udhaifu mmoja mkubwa: mmoja akinyamaza, hakuna wa tatu wa kumwambia mwenzake kuwa amebaki peke yake. Inabidi agundue mwenyewe, na njia ya kugundua ni mapigo.

Usambazaji wa maji wa Goma unaonyesha vizuri mahitaji ya mpangilio huu. Mji uko kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mitaa inapanda kuelekea kaskazini, upande wa volkeno ya Nyiragongo. Maji huvutwa ziwani, husukumwa hadi kwenye matangi yaliyo juu, kisha hushuka kwa uzito wake hadi kwenye mabomba ya mitaa. Pampu ziko chini na tangi liko juu, mbali na macho ya mwendesha pampu. Kuchimba mtaro wa waya kati ya vituo hivyo viwili ni kazi ngumu, kwa sababu sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mwamba wa lava. Na mtaro wenyewe hauna dhamana: mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 uliharibu tangi kubwa na mabomba upande wa kaskazini, watu wapatao nusu milioni wakakosa maji. Kwa hiyo njia inayofaa zaidi ni redio. Redio nayo ina adui wake. Katika orodha ya mwaka 2016 ya maeneo yanayopigwa na radi nyingi zaidi duniani, iliyotokana na vipimo vya satelaiti, Sake ilishika nafasi ya 5, na Sake iko kilomita 25 hivi tu magharibi mwa Goma. Mawasiliano yatakatika, na anayesanifu mfumo hapa aanze na jambo hilo kabla ya mengine yote.

Tuseme kuna kidhibiti A kwenye kituo cha pampu na kidhibiti B kwenye tangi. Tangi lina ujazo wa mita za ujazo 1,000 na kina cha mita 4, na pampu inatoa mita za ujazo 250 kwa saa. Kila sekunde A anamsoma B na kupata kina cha maji. B naye anamsoma A na kupata hali ya pampu, ili atoe kengele ikiwa pampu inazunguka lakini maji hayapandi. Katika itifaki ya kawaida kama Modbus TCP, jambo hili huwezekana kwa kila kidhibiti kuwa muulizaji na mjibuji kwa wakati mmoja. Programu ya A ni fupi: kina kikishuka chini ya mita 1.5, washa pampu. Kikifika mita 3.6, zima.

Hatari imejificha kwenye kumbukumbu ya A. Thamani iliyosomwa mara ya mwisho hukaa kwenye rejista hadi ije nyingine ya kuifuta. Redio ikipigwa na radi wakati kina ni mita 2.9, A ataendelea kuona 2.9 saa nzima, siku nzima. Kwake maji hayajafika 3.6, basi pampu inaendelea, tangi linajaa na kumwagika, na kwenye skrini ya mwendesha pampu kila kitu kinaonekana sawa. Hitilafu ikitokea wakati pampu imezimwa, mambo yanageuka: tangi linakauka huku A akiamini kuna maji ya kutosha. Namba iliyokufa haina alama yoyote ya kuitofautisha na namba iliyo hai.

Mtu anaweza kusema kwamba itifaki yenyewe hutoa taarifa ya kosa pale usomaji unaposhindwa, na hiyo yatosha. Haitoshi. Taarifa ya kosa huonyesha tu kwamba njia imekatika. Katika vidhibiti vingi kadi ya mtandao hufanya kazi kivyake, mbali na programu. Programu ya B ikisimama kwa hitilafu, au fundi akiisimamisha ili kurekebisha kitu na kusahau kuiwasha tena, kadi bado inapata umeme na bado inajibu maswali ya A kwa heshima zote, ikimpa namba zilezile za zamani. Hakuna kosa linaloripotiwa. Hili ndilo tukio baya zaidi katika mpangilio wote huu, na ndilo sababu hasa ya kuwa na mapigo.

Pigo ni namba ambayo programu ya B huiongeza kila baada ya muda mfupi, na ambayo A huisoma pamoja na kina cha maji. Ikibadilika, programu ya B inazunguka na njia iko wazi. Isipobadilika kwa muda uliowekwa, A anahesabu kuwa amempoteza mwenzake. Upande wa A kazi yote ni mistari mitatu:

```
Saa(IN := (PigoLaB = PigoLaMwisho), PT := T#30s);
PigoLaMwisho := PigoLaB;
BHayupo := Saa.Q;
```

Kipima muda huhesabu pale tu pigo linapobaki vilevile. Likibadilika, kinarudi sifuri. Tazama kwamba ulinganisho ni wa kuwa sawa au kutokuwa sawa. Aliyeandika "kubwa kuliko" atapata kengele ya uongo kila namba inapofika mwisho wake, tuseme 255, na kuanza tena 0.

Pigo lazima lizaliwe ndani ya programu ya B, tena mwishoni mwa sehemu ileile inayopima kina. Likitengenezwa na kadi ya mtandao litaendelea kupiga hata programu ikiwa imekufa, na hapo kazi yote imepotea bure. Tena lisafiri katika ujumbe uleule unaobeba kina. Pigo na kina vikisomwa kwa maswali mawili tofauti, swali la pigo linaweza kufaulu huku la kina likishindwa, na A akaamini kina cha jana kwa sababu ya pigo la leo.

Mafundi wengi hutumia biti moja inayowaka na kuzima badala ya namba inayohesabu. Inafanya kazi, ila ina mtego. Biti ikigeuka kila nusu sekunde na A akisoma kila sekunde moja, kati ya usomaji mmoja na mwingine inakuwa imegeuka mara mbili na kurudi ilipokuwa. A ataona hali ileile kila mara na kumtangaza B amepotea ilhali B mzima. Kwa kuwa saa za vidhibiti viwili hazilingani kabisa, kosa hili huja na kuondoka lenyewe, na linaweza kumsumbua fundi kwa wiki nyingi. Namba inayohesabu haina tatizo hilo: ikiruka mbili badala ya moja, bado imebadilika.

Muda wa kusubiri hutokana na kasi ya hatari inayolindwa. Eneo la tangi letu ni mita za mraba 250, hivyo pampu hupandisha maji mita 1 kwa saa iwapo hakuna anayechota. Katika sekunde 30 maji hupanda chini ya sentimita moja. Kuweka sekunde 2 hapa kungeleta kengele kila mvua inapopita na kusingeokoa hata ndoo moja. Kwa upande mwingine, muda usiwe mfupi kuliko usomaji wa mara tano hivi, ili ujumbe mmoja au jumbe mbili zilizopotea hewani zisionekane kama kifo.

Baada ya A kujua kwamba yuko peke yake, afanye nini? Kuzima pampu papo hapo ni jibu jepesi, lakini linaukatia mji maji kwa sababu ya redio. Jibu bora linatumia kile A alichokijua mara ya mwisho. Kama kina kilikuwa mita 2.9, imebaki mita 1.1 hadi kumwagika, yaani dakika 66 hata kama hakuna mtu anayechota. A anaweza kuruhusiwa kuendelea kwa dakika 40, kisha azime na kutoa kengele. Pampu ikiwa imetulia, A anaweza pia kupima shinikizo kwenye bomba lake mwenyewe, kwani kila mita ya maji juu yake huongeza takribani bar 0.1. Kipimo hicho ni cha kukisia. Kihisi cha bar 16 chenye usahihi wa asilimia 0.5 kinaweza kukosea bar 0.08, ambayo ni karibu mita 0.8 ya kina. Aidha, bomba likiwa linamwaga maji kutoka juu ya tangi badala ya kuingia chini yake, shinikizo halisemi lolote kuhusu kina.

Kurudi kwa mwenza nako kuna utaratibu. Pigo moja si ushahidi, kwa maana redio iliyopigwa na radi mara nyingi hurudi na kupotea tena. Ni vyema A adai mapigo mfululizo kwa dakika nzima kabla ya kuamini tena kina anachopewa. Vivyo hivyo umeme unapowaka baada ya kukatika: A aanze akimhesabu B kuwa hayupo hadi amsikie. Mistari mitatu iliyo juu haifanyi hivyo. Katika sekunde 30 za kwanza ingeamini chochote kilichomo kwenye rejista.

Kuna mambo mawili ambayo mapigo hayawezi kuyaona. La kwanza ni kihisi kibovu: B anaweza kuwa mzima kabisa na kutuma kina cha uongo. Hivyo B atume pia biti inayosema kama kihisi chake kiko sawa, kwa mfano kama mkondo wake, ambao kwa kawaida ni kati ya 4 na 20 mA, haujashuka chini ya 3.6. La pili ni tofauti kati ya mwenza aliyekufa na njia iliyokatika. Kwa A yote mawili ni ukimya uleule. Kwa pampu na tangi si tatizo, kwani hatua ni ileile. Lakini pale vidhibiti viwili vinapopokezana mashine moja, kimoja kikiwa kazini na kingine akiba, njia ikikatika kila kimoja hudhani mwenzake amekufa na vyote viwili hushika usukani. Hapo mapigo ya njia moja hayatoshi; inahitajika njia ya pili isiyopitia vifaa vya kwanza, hata kama ni waya mmoja wa kawaida.

Wakati wa kukabidhi kituo, majaribio mawili yafanywe mbele ya mwenye mradi. Kwanza, zima redio na uone kama A anatangaza upotevu baada ya sekunde 30. Pili, acha redio na umeme vikiwa vimewaka, simamisha programu ya B peke yake, kisha hesabu tena sekunde 30. La kwanza hufanywa na kila fundi. La pili hurukwa mara nyingi, nalo ndilo linaloonyesha kama pigo limewekwa mahali pake. Mwenye mradi asitie sahihi kabla hajaliona kwa macho yake.