Chumba Namba 3 Kina Nafasi Lini?

Nyumba ya wageni yenye vyumba vinne, tuseme iko Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, inaweza kuendeshwa kwa daftari na kalamu. Mwenye daftari anajua hata yale ambayo hayakuandikwa: kwamba mgeni wa chumba namba 3 anaondoka asubuhi, na kwamba mwisho wa mwaka bei hupanda. Tovuti haijui lolote kati ya hayo mpaka iambiwe, na kuiambia vibaya ni rahisi mno.

Kosa la kwanza ni kuhesabu siku. Mgeni anaingia tarehe 18 Desemba na kutoka tarehe 23, basi kalenda inafunga tarehe zote sita. Anayetaka kuingia tarehe 23 anajibiwa kuwa chumba kimejaa, ilhali ikifika saa nane mchana kitakuwa kimeshafagiliwa na kutandikwa. Nyumba ya wageni huuza usiku. Mgeni yule amenunua usiku wa tarehe 18, 19, 20, 21 na 22. Usiku wa 23 bado ni mali ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo ombi jipya hugongana na la zamani pale tu mambo mawili yanapokutana: mgeni mpya anaingia kabla ya tarehe ya kutoka ya yule wa zamani, na anatoka baada ya tarehe yake ya kuingia. Tarehe zikilingana, mmoja akitoka na mwingine akiingia, hakuna mgongano. Sharti hilo fupi linamnasa anayetaka kuanzia katikati, anayetaka kuishia katikati, hata yule ambaye safari yake inaimeza ya mwenzake yote.

Bei nayo hufuata usiku. Tuseme bei ya kawaida ni shilingi 90,000, na kuanzia usiku wa 20 Desemba hadi usiku wa 4 Januari ni 140,000. Mgeni wetu ana usiku mbili za bei ya kawaida, yaani 180,000, na tatu za sikukuu, yaani 420,000. Jumla ni 600,000. Tovuti inayotazama siku ya kuingia tu ingemtoza 450,000 kwa safari nzima, na wajanja wangegundua upesi kwamba kuingia tarehe 19 ndiyo njia ya kulala Krismasi kwa bei ya Novemba.

Kipindi hicho cha sikukuu kina mtego mwingine, maana kinavuka mwaka. Fundi akilinganisha mwezi na siku peke yake, anaiuliza kompyuta itafute tarehe iliyo baada ya 20 Desemba na wakati huohuo kabla ya 4 Januari. Ndani ya mwaka mmoja tarehe hiyo haipo, hivyo kanuni haimshiki mtu na kila usiku unauzwa kwa bei ya kawaida bila onyo lolote. Dawa ni kuandika tarehe kamili pamoja na mwaka. Jaribio lake ni jepesi: omba chumba cha usiku wa 31 Desemba, uone bei gani inatokea.

Kuandika mwaka kunasaidia pia katika Idi, ambazo kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11 katika kalenda ya kawaida. Mwaka 2026 Idi ya kuchinja inaangukia mwishoni mwa Mei, ndani ya masika, wakati nyumba nyingi za pwani zimeshusha bei kwa sababu ya mvua. Hapo usiku mmoja unadaiwa na kanuni mbili, ya masika na ya Idi. Kama hazikupewa daraja, programu inaweza kuchukua yoyote inayoikuta kwanza. Zipewe namba, na ya namba kubwa ishinde: kawaida 1, masika 2, Idi 3. Na kwa kuwa mwezi huandama, kipindi cha Idi kiachiwe siku moja ya ziada kila upande.

Jambo ambalo wengi hulisahau: bei aliyokubali mgeni ihifadhiwe pamoja na nafasi yake, usiku kwa usiku. Tovuti inayoikokotoa upya kila ukurasa unapofunguliwa itambadilishia deni mtu aliyelipa tangu Agosti, siku mwenye nyumba atakapopandisha bei.

Ukiwa umetangaza vyumba hivyohivyo Airbnb au Booking.com, kalenda huunganishwa kwa kiungo cha iCal. Kiungo hicho hubeba tarehe zilizofungwa, hakibebi bei, na husomwa kwa vipindi. Kati ya usomaji mmoja na mwingine zinaweza kupita saa kadhaa. Katika wiki ya Krismasi saa hizo zinatosha chumba kimoja kuuzwa mara mbili, kwa hiyo kikibaki kimoja tu, mimi ningekifunga huko kwingine kote na kukiuza kwenye tovuti yangu peke yake.