Delta ya Dhahabu: Nani Aliyekosa Subira?

Vijana wanaotrade dhahabu kwa simu huko Kitale na Bungoma wameanza kuvutiwa na chati iitwayo Footprint. Ndani ya kila mshumaa huonyesha, bei kwa bei, kiasi kilichouzwa na kiasi kilichonunuliwa. Lakini kila kilichonunuliwa si kimeuzwa pia? Naam. Kinachotenganishwa ni nani aliyekosa subira.

Fikiria maharagwe soko la Chwele. Muuzaji ana bei yake, mnunuzi ana yake, chini kidogo. Mnunuzi akichoka kupatana akalipa bei ya muuzaji, biashara hiyo imeanzishwa na mnunuzi. Muuzaji akikubali ya mnunuzi, ameianzisha yeye. Toa kiasi cha wauzaji kwenye kiasi cha wanunuzi, unapata delta. Ukiijumlisha mshumaa baada ya mshumaa, hiyo ndiyo Cumulative Delta.

Tuseme mshumaa wa dakika 5 umeonyesha hivi, kushoto walioanzisha kuuza, kulia walioanzisha kununua:

```
2400.3    12 x 140
2400.2    35 x 210
2400.1    60 x  90
2400.0    75 x  50
```

Wanunuzi wameanzisha mikataba 490, wauzaji 182; delta ni +308. Hata hivyo mshumaa umefungia 2400.1. Pale 2400.3 mikataba 140 imenunuliwa na bei haikupanda hata hatua moja zaidi. Maana yake kuna aliyeweka oda ya kuuza akatulia, akimeza kila kinacholetwa. Bei ikianza kushuka, hao walionunua juu ndio watakaolazimika kuuza.

Usiharakishe kuuza, lakini. Delta chanya si lazima iwe wanunuzi wapya: aliyekuwa ameuza, stop loss yake ikiguswa, huhesabiwa kama mnunuzi asiye na subira. Na anayemeza anaweza kuchoka, bei ikapasua. Mimi husubiri mshumaa unaofuata ufungie chini ya 2400.0.

Tatizo kubwa liko kwenye simu yenyewe. Hesabu hii ni ya kweli kwenye GC, mkataba wa wakia 100 unaouzwa COMEX, kwa sababu biashara zote za mkataba huo huandikwa na soko moja. XAUUSD ya dalali wako haina soko kuu. Kwa kawaida kinachohesabiwa ni mara ngapi bei imebadilika, kisha programu hukisia: imepanda, mnunuzi, imeshuka, muuzaji. Delta ya namna hiyo ni bei ileile iliyovishwa rangi.

Kupima ni rahisi. Kwenye MetaTrader 5 ya kompyuta bonyeza Ctrl+D, uweke kishale juu ya mshumaa. Tick Volume ikiwa na namba na Volume ni 0, hakuna kiasi halisi. Kabla hujalipia Footprint ya XAUUSD, muulize anayekuuzia data yake inatoka soko gani. Akishindwa kulitaja, usinunue.