Nanga imefikaje Nambis?

Mtunzi wa Nambis, kule juu Mbulu, anataka shairi kuhusu akiba ya kikundi cha kukopeshana inayoyeyuka. Anachagua shamba la mteremkoni: udongo ni akiba, mvua ni mikopo. Anaanza vizuri:

*Mvua bila ya makinga, udongo unaondoka,*
*Nahodha itie nanga, chombo kinapepesuka.*

Mizani imetimia, vina vimekaa, shairi limeharibika. Aliyemleta nahodha mlimani ni kina cha kati. Mtunzi alihitaji neno la kuishia na *-nga*, na ushairi wetu uliolelewa pwani umejaa nanga na matanga, basi likaja la karibu. Ndiyo maana hitilafu hii huwapata hata wenye sikio zuri.

Dawa yake huanza kabla ya ubeti wa kwanza. Andika pembeni vitu vyote vya shamba lile: mawe, kingo, mfereji, jembe, palizi, magugu, ng'ombe walioingia usiku. Kisha tafuta vina humo humo. Kina kisipopatikana, badilisha kina, usibadilishe shamba. Hapa *-nga* inafaa bado:

*Kama mawe tungepanga, udongo yangeushika.*

Mawe sasa ni kanuni za kukopa, na msomaji hahitaji kuambiwa.

Picha ikidumu, huanza kumfikirisha mtunzi mwenyewe. Mvua inayochukua udongo ndiyo hiyo hiyo inayootesha mahindi, kadhalika mkopo. Ubeti wa pili umeshapatikana, na lawama ya kutopanga mawe imekuwa nzito zaidi kwa sababu hatuwezi kuomba mvua ikome. Aliyekimbilia baharini asingeliona hilo.

Abdilatif Abdalla alilijua jambo hili. Katika *Sauti ya Dhiki*, diwani iliyotoka mwaka 1973 kutokana na mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni Kenya, kuna shairi la ndugu wawili wanaogombea mnazi. Ni shairi refu, na hoja zao hupita kwenye mti ule ule. Msomaji huona mambo ya nchi bila kutolewa mnazini.

Hatari ya pili haionekani haraka: mtunzi habadilishi picha, ila anavuruga mwendo wake. Anavuna ubeti wa tatu, anapanda ubeti wa tano. Soma shairi kwa macho ya mkulima asiyejua habari ya akiba. Akiuliza "mbona mnapalilia mlichokwisha kuvuna?", rudi. Kibwagizo kijaribiwe hivyo hivyo, maana hurudi kila ubeti: "udongo unaondoka" kinafaa wakati wa masika; ubeti wa kiangazi ukikibeba, hakuna maji ya kuuondoa. Ama shairi lote libaki katika msimu mmoja, ama kibwagizo kibadilike neno moja moja kadiri msimu unavyosogea.

Maneno kama "kushika" na "kubeba", ambayo picha zake zimekwisha kufifia katika mazungumzo, hayahesabiwi kuwa mchanganyiko wa picha. Ukiyaogopa hayo, hutaandika hata mshororo.